Ushauri: Mwanangu wa darasa la tatu, mwandiko hausomeki na michezo hawezi. Nimpeleke bweni?

Mama Faraja: Habari za jioni wapendwa. Kijana wangu ana miaka minane. Hesabu za kichwani hutaja jibu kabla dada yake hajashika kalamu, lakini daftari lake halisomeki. Herufi moja inaelea juu ya mstari, nyingine imezama, karatasi imetoboka kwa kukandamiza. Mpira akirushiwa unampiga kifuani ndipo mikono inakuja. Siku hizi hataki shule, asubuhi tumbo linamuuma. Nimefikiria bweni, labda atachangamka. Mnasemaje?

Kipara Ngoto: Huyo daktari mtarajiwa, mwandiko umeshafika. Hongera mama.

Mwl Mstaafu: Mtoto akifundishwa haraka haraka chekechea hukosa msingi. Mnunulie daftari la mistari minne, kurasa mbili kila jioni. Wangu wote walinyooka.

Baba Wawili: Bweni zuri mbona yapo mengi Moshi. Bajeti yako ni kiasi gani?

Nesi wa Utengamao: Dada, nieleze vizuri. Kuna kitu alikuwa anakiweza halafu kikapotea, au tangu mdogo ndivyo alivyo? Akiinuka sakafuni anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja? Amepimwa macho? Alizaliwa miezi mingapi? Vifungo na mkanda anafunga mwenyewe? Na hilo tumbo lilianza lini?

Mama Faraja: Hakuna alichopoteza, kila kitu kilichelewa tu. Anainuka kawaida. Macho yako sawa. Alizaliwa wa miezi saba. Vifungo namfungia mimi.

Nesi wa Utengamao: Na tumbo?

Mama Faraja: Sikutaka kuandika hili. Mwezi uliopita alishindwa kufungua mkanda chooni shuleni, akajikojolea. Wenzake wakamwona. Tangu hapo wanamwita jina nisilopenda kulitaja, na kwenye mpira hawamchagui. Usiku ananiuliza, "Mama, mimi mikono yangu ni mibovu?" Lakini bweni watamkazania. Nusu ya ada tumeshalipa, baba yake ameamua.

Mchunguzi Huru: Hapa nanusa chai. Mtoto anayepiga hesabu za kichwani ashindwe mkanda? Na mbona ada ilifichwa? Nyuzi za namna hii huishia na namba ya kuchangia.

Mhasibu wa Tanga: Mkuu, hiyo si chai. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilichapwa kwa mwandiko darasa zima likinitazama. Leo nafunga mahesabu ya kampuni, lakini kamba za viatu nilizijua nikiwa sekondari. Fimbo haikunifundisha kuandika, ilinifundisha kuficha madaftari.

Mchunguzi Huru: Sawa, ila bado ada ilifichwa.

Mama Faraja: Sijaomba hela kwa mtu. Niliona haya.

Nesi wa Utengamao: Akili na uratibu wa mikono si kitu kimoja. Wapo watoto werevu kabisa ambao kupanga mwendo kunawawia vigumu, na waliozaliwa njiti wako kwenye hatari zaidi. Simwekei jina hapa. Apimwe kwanza na daktari wa watoto, kisha mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku kama kuvaa na kuandika. Muhimbili wapo, na KCMC Moshi ndiko wanakofundishwa.

Mwalimu, mazoezi ni kweli yanasaidia, ila kurasa mbili mkono ukiwa umechoka zinamfundisha kuchukia kalamu. Anza na mkanda, kwa kuwa ndio uliomuumiza. Wiki hii muombe mwalimu aruhusu kaptula ya lastiki, aende chooni bila hofu. Nyumbani weka mkanda mezani, aufungue akiuona. Muulize, "Utaanza na nini?" Aseme mwenyewe, ajaribu, akikwama aseme wapi. Usimshike mkono. Akiweza mezani, avae. Kujua mkanda hakumpi vifungo, navyo vitataka zamu yake.

Kwenye kuandika, tazama miguu. Ikining'inia kwenye benchi, mwili wote unayumba, weka tofali chini. Mwalimu apunguze kunakili ubaoni, majibu mengine aseme kwa mdomo. Mpira uanze kwa kuviringishwa, mkubwa na laini.

Mwl Mstaafu: Darasa la watoto themanini nani atamsikiliza mmoja mmoja?

Nesi wa Utengamao: Hapo umenikamata. Mama amwombe jambo moja tu, hiyo kaptula.

Mama Faraja: Bweni watoto wadogo wana matroni, atamsaidia.

Mhasibu wa Tanga: Bweni ni kuvaa alfajiri kwa kengele, kufua, kutandika, wote wakimtazama. Anayemcheka darasani atalala kitanda cha jirani.

Nesi wa Utengamao: Apimwe kabla ya muhula kufunguliwa. Na asikie kutoka kwako kwamba mikono yake si mibovu, ila inachelewa kujifunza. Jina la utani limfikie mwalimu mkuu.

Mama Faraja: Kliniki nitampeleka Jumatatu. Baba yake anasema ada hairudishwi, na hataki kusikia habari za kaptula ya lastiki. Hapo nifanyeje?

Baba Wawili: Kumbe ada ni ya wapi? Huenda wanarudisha nusu.