Yule mzee wa mashine pale Kariakoo: "Rehema mabano saba" mbele ya mteja wangu!!!

BuguruniSheli
Wadau, niko kwenye mwendokasi naandika hivi vidole vinatetemeka, mnisamehe spelingi. Natoka kwa yule mzee sasa hivi. Simtaji jina, mnamjua. Miwani imefungwa kamba ya kiatu, mashine ya kukatia karatasi inalia kama mbuzi wa Vingunguti, na kila mtu kwake ni "dogo", hata ungekuwa waziri.

Nimempelekea kadi za harusi, kadi 300, kazi safi, nimekesha nayo. Mteja wangu, mama mzazi wa bibi harusi, mtu mzima mwenye heshima zake, kaja mwenyewe kutoka Mbezi kushuhudia zikichapwa. Mzee kachomeka flashi, kaiburuta PDF yangu akaitumbukiza Illustrator, kimetokea kidirisha, kabonyeza OK bila kusoma. Maandishi yote yamepakwa pinki. Jina la bibi harusi lililokuwa na mikia inazunguka mpaka chini ya kadi limegeuka hivi: `Rehema]7`.

Sasa mtu mwenye utu angeniita pembeni. Yeye kageuza skrini kwa mama, kashusha miwani, kasoma kwa sauti ya mnadani: "Mama, mwanao anaitwa Rehema mabano saba?"

Korido nzima imecheka. Muuza kahawa kaweka birika chini ili acheke vizuri. Mimi nimesimama pale, Rehema mabano saba, mama ananiangalia kama hanijui. Halafu mzee anamalizia: "Mpe kazi anayejua, mama."

PDF KWANGU INAFUNGUKA VIZURI. Nimefungua mbele yao kwenye laptop yangu, mikia yote ipo, maua yote yapo. Anasema "hiyo ni laptop yako." Kwani nilisema ni ya nani?

Chawa_Mstaafu
Rehema mabano saba 😂😂😂 nimeweka kambi hapa, naomba kahawa ya yule jamaa

KinyoziWaSinza
Bwana harusi anaitwa nani, Juma alama ya kuuliza?

KeshaNaCorel
Dogo, hukugeuza maandishi kuwa kavu, yaani yawe michoro yasitegemee fonti. Chagua yote, `Ctrl+Q`, habari imeisha. Mimi situmi faili lenye fonti hai kwa mtu yeyote, hata kwa mama yangu.

BuguruniSheli
@KeshaNaCorel nani kakuuliza? Na mimi situmii Corel. Ninachosema ni adabu. Unamsomea mama wa watu "mabano saba" kwa kifua kile chote!

MzeeWaPleti
Kijana, pole. Ile fonti ya jina uliipata wapi? Hizi za mikunjo za bure mara nyingi mwenye kuichora huficha mikia kwenye vitufe ambavyo hakuna anayevitumia: mabano, namba, alama ya wimbi. Unabonyeza `]` unapata ua. Fonti ikikosekana, ua linarudi kuwa mabano kama lilivyoandikwa. Ndiyo saba yako hiyo. Nitumie hilo faili inboksi nilitazame, nina muda kidogo mashine ikipoa.

BuguruniSheli
Nimekutumia mkuu. Utaona mwenyewe halina tatizo.

Mwajuma_wa_Tandika
Hata mimi fonti zilinisumbua, simu ilikuwa inaandika herufi kubwa kubwa kila mahali. Nenda settings, sehemu ya display, punguza.

Chawa_Mstaafu
Asante Mwajuma, mama wa Mbezi kapona.

MzeeWaPleti
Nimelipitisha kwenye `pdffonts`. Safu ya mwisho nimeikata, na jina la ile fonti nimelibadilisha tusije tukamharibia mtu biashara:

```
name                 type      encoding  emb sub uni
KXWQPA+Lato-Regular  TrueType  WinAnsi   yes yes yes
FontiYaMaua          TrueType  WinAnsi   no  no  no
```

Tazama hapo kwenye `emb`. Lato imo ndani ya faili. Zile herufi sita na alama ya kujumlisha mbele ya jina zinaonyesha kwamba hata hiyo haikuingia nzima, zimeingia herufi ulizozitumia tu. Fonti ya maua haimo kabisa. Faili limebeba jina lake na maandishi, umbo la herufi limebaki kwenye laptop yako. Ndiyo maana kwako inafunguka vizuri, kompyuta inaichukua kutoka kwenye fonti zako bila kukuambia. Ungeifungua kwenye simu ungemwona Rehema wa mabano kabla ya mzee kumwona.

Asiye na hiyo amri afungue PDF kwa Acrobat Reader, abonyeze `Ctrl+D`, aende kwenye `Fonts`. Kila jina linatakiwa liwe na `Embedded` au `Embedded Subset` pembeni. Lisilo nalo ndilo litakalokuaibisha.

BuguruniSheli
Simu ya nini wakati nina laptop? Na mimi niliweka fonti ziingie, setting ni ileile siku zote!

MzeeWaPleti
Setting haina kosa. Ni fonti yenyewe iliyokataa. Ndani ya faili la fonti kuna alama anayoiweka mwenye kuichora, inayoziambia programu kama ruhusa ya kuipachika ipo au haipo. Kwenye Windows fungua folda la Fonts, weka mwonekano wa `Details`, tafuta safu ya `Font embeddability`. Ikisema `Installable` au `Editable` huna shida. Ya kuangalia na kuchapa tu nayo inaingia kwenye PDF. Ikisema `Restricted`, Illustrator haiingizi hata uipige magoti. Na huwa inatoa kidirisha kukwambia.

KinyoziWaSinza
Kidirisha ambacho dogo alibonyeza OK bila kusoma 😂 kumbe mko wawili, wewe na mzee

BuguruniSheli
Sikumbuki kidirisha chochote. Turudi kwenye hoja: MBELE YA MAMA. Mabano. Saba.

Na kama Lato imo ndani, mbona na yenyewe ilibadilika pale? Saa na ukumbi vyote viligeuka, mstari wa ukumbi ukatoka nje ya fremu. Hilo nalo ni langu?

MzeeWaPleti
Hilo ni lake. Hapo ana kosa na ningemwambia usoni. Fonti iliyopachikwa ni ya kuonyesha na kuchapa. Ukiifungua PDF kwa Illustrator kama faili la kuhariri, inaitaka fonti iliyosakinishwa kwenye kompyuta ile. Isipoipata inakupakia pinki na kukuwekea Myriad. Alitakiwa aichape kutoka Acrobat. Au kama lazima apange kadi nne kwenye karatasi moja, atumie `File > Place` huku `Link` imewekwa tiki, kisha `Object > Flatten Transparency` na tiki kwenye `Convert All Text to Outlines`. Lato ingetoka kama ilivyo. Kwa wa Corel, ukiingiza PDF inakuuliza maandishi yaje kama `Text` au `Curves`. Chagua ya pili.

Ila ile ya maua isingeokoka kwa njia yoyote, kwa sababu haimo.

BuguruniSheli
MMESIKIA!!! KOSA NI LAKE!!! Naiprinti hii komenti naibandika mlangoni kwake.

Chawa_Mstaafu
Hakikisha fonti imepachikwa

KeshaNaCorel
Maneno yote hayo ya nini? Angegeuza kuwa kavu mwanzo, jina lingebaki na mikia yake, restriktedi au la. Nimesema nini mimi?

MzeeWaPleti
Kwa lile jina kubwa, kweli kabisa, lingepona. Kwa maandishi madogo ya pointi 7 mimi sishauri, kwenye mashine za dijitali herufi zinanenepa kidogo na `e` inaanza kuziba. Na neno likishageuzwa umbo huwezi tena kurekebisha spelingi, kwa hiyo unatunza faili la asili pembeni. Halafu leseni haiondoki kwa kugeuza maumbo. Kijana, ile fonti ilikuja na faili la maandishi kwenye zipu. Limeandikwa nini?

BuguruniSheli
Personal use. Sasa harusi si mambo binafsi ya mtu? Ingekuwa tangazo la benki sawa.

KinyoziWaSinza
Hapo dogo ana pointi, harusi ni binafsi.

MzeeWaPleti
Harusi ni ya Rehema. Wewe umelipwa. Wengi wanaoandika hivyo wanakusudia kazi isiyo na malipo, na kwa kazi ya kulipwa wanauza leseni nyingine. Mwingine mpole ukimwandikia anakuruhusu. Ile alama ya ndani nayo si leseni yenyewe, wakati mwingine imewekwa kwa bahati mbaya na leseni inaruhusu, hapo unamwomba akupe toleo lililorekebishwa. Ukitaka usiombe mtu, kuna fonti za mikunjo zilizo chini ya SIL Open Font License: Great Vibes, Alex Brush, Allura. Hizo unapachika, unachapa, unalipwa, na hata faili la fonti unaweza kumpa mchapaji. Fonti ya kununua usimpe hivihivi, soma kwanza, nyingine haziruhusu hata kwa kazi moja.

BuguruniSheli
Great Vibes haina mikia kama ile. Mama aliipenda mikia.

KeshaNaCorel
Mimi natumia fonti yoyote, nageuza kavu, nachapa. Tangu Corel 12 hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

DadaWaSendoff
Hakuna aliyelalamika??? WEWE KESHA! Nimekutambua kwa hiyo "habari imeisha" yako. Si wewe uliyenidizainia kadi za sendoff yangu? Ukumbi umebadilisha tarehe, nakuomba ubadili namba moja tu, unaniambia "haibadiliki, ilishakuwa kavu, lipia upya"? Kumbe hukutunza faili la asili!

KeshaNaCorel
Dada, tarehe mlibadilisha nyinyi. Na kazi ya pili ni kazi ya pili.

DadaWaSendoff
Kazi ipi? Ulikata namba kwenye kadi ya watu wengine ukaibandika juu, 8 yangu nyembamba, 2 nene! Shangazi yangu kauliza kama tarehe ni ya siri.

Chawa_Mstaafu
Nahamisha kambi. Dada, endelea.

BuguruniSheli
Jamani huu uzi ni wa yule mzee...

Mwajuma_wa_Tandika
Na hizo sendoff zenu. Mimi mwezi huu nimeletewa kadi za mchango mpaka na mtu niliyekutana naye kwenye foleni ya Luku. Jina langu kakosea, kiwango cha chini kapatia.

KinyoziWaSinza
Kwangu wanaacha kadi kwenye droo ya mashine ya kunyolea. Single kiasi hiki, double kiasi kile, na mimi sina hata mke wa kwenda naye.

DadaWaSendoff
Msinitoe kwenye reli. Kesha, advansi yangu ya kadi za pili unarudisha lini?

KeshaNaCorel
Njoo inboksi.

DadaWaSendoff
Hapahapa.