Tupeane uzoefu: Depoziti ya nyumba hapa Texas, wewe ulirudishiwa?

Chausiku
Jana rafiki yangu amekabidhi funguo za apatimenti, meneja anamwambia depoziti "tutaangalia". Nikakumbuka yangu ya Houston, roho ikaniuma upya. Tulikaa miaka 4, depoziti dola 1,200. Tukatoka tarehe 31 Mei, nikamwambia meneja kwa mdomo tunahamia wapi. Siku 30 zikapita, kimya. Kupiga simu naambiwa, "Hatukujua pa kukutumia." Nimesimama jikoni na mtoto mgongoni, nalia. Wenzangu ilikuwaje?

Mzee wa Lori
Hiyo sentensi naijua. Pole sana dada.

Baba Imani
Mimi dawa yangu moja: mwezi wa mwisho silipi kodi. Nawaambia kateni kwenye depoziti. Sijawahi kupoteza hata senti.

Mwanasheria wa Mtaani
Baba Imani, usiwafundishe watu hivyo. Sura ya 92 ya Sheria ya Mali ya Texas inakataza mpangaji kuzuia kodi ya mwisho kwa sababu ya depoziti. Ukishitakiwa, kwa nia mbaya unaweza kulipa mara tatu ya kodi uliyozuia, na wakili wao juu yake. Mimi si wakili, natafsiria watu mahakamani, na hilo nimeliona.

Dada Chausiku, siku 30 huanza siku unapoachia nyumba. Ila mwenye nyumba halazimiki kutuma pesa wala orodha ya makato mpaka umpe anwani mpya *kwa maandishi*. Mdomo hauhesabiki. Haki yako haifi kwa kuchelewa kuiandika, lakini umempa kisingizio.

Baba Imani
Miaka 9 sijashitakiwa. Wewe unatisha watu.

Mwanasheria wa Mtaani
Kutokamatwa hakufanyi kitu kiwe halali, kaka.

Wa Kayole
Huku Nairobi mwenye nyumba amekula ya kwangu yote akisema ni ya rangi. Hizo siku 30 zinanihusu?

Mwanasheria wa Mtaani
Hapana ndugu, hiyo ni sheria ya Texas. Kwenu anza na mkataba uliosaini unasema nini juu ya rangi. Akikataa kabisa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, inapokea madai hadi shilingi milioni moja.

Chausiku
Nimalizie. Niliandika barua ya rejista yenye anwani, nikabaki na nakala. Baada ya siku 19 ikaja hundi ya dola 250 na orodha: zulia 640, rangi 230, kusafisha jiko 80. Zulia! Lilikuwa limelika mlangoni tangu tunaingia, nyuzi zinaonekana, na picha ya siku ya kwanza ninayo kwenye simu. Ila nisidanganye: chumbani kulikuwa na alama ya pasi. Umbo zima la pasi, jeusi, karibu na dirisha. Hiyo ni yangu.

Fundi Rangi
Napaka apatimenti kila wiki, nikuambie. Rangi iliyofifia, vitundu vya misumari ya picha, zulia lililolala kwa kukanyagwa, huo ni uchakavu wa kawaida na sheria inakataza kuukata. Alama ya pasi ni uharibifu. Mafuta yaliyoganda kwenye oveni nayo wanakata, hapo usibishane. Swali ni zulia lilikuwa la miaka mingapi. La zamani huwezi kulipishwa kama jipya.

Chausiku
Ndivyo hakimu alivyouliza! Nilifungua kesi kwenye mahakama ndogo ya kaunti, bila wakili. Meneja hakuwa na risiti ya zulia wala picha, na kuthibitisha kwamba makato ni ya haki ni juu ya mwenye nyumba. Hakimu akakubali makato ya jiko 80, akakata 140 kwa ile alama tu, rangi akaifuta yote. Nikapata 730 zaidi.

Nyota
730 tu?? Sheria si inasema mara tatu? 730 mara tatu, ongeza dola 100, ni 2,290. Umeibiwa mara mbili!

Mwanasheria wa Mtaani
Mara tatu na ile 100 ni kwa aliyezuia kwa nia mbaya. Angekaa kimya zaidi ya siku 30 wakati anwani anayo, sheria ingemchukulia hivyo mpaka athibitishe vingine. Huyu alituma orodha siku ya 19.

Nyota
Kuandika 640 kwa zulia bovu si nia mbaya? Mimi ningekata rufaa.

Fundi Rangi
Na mimi naona Nyota ana hoja.

Mzee wa Lori
Mimi funguo niliziacha sandukuni kwa meneja, hakuna aliyesaini. Siku zangu 30 nazihesabu kuanzia lini?

Chausiku
Mzee, ulipiga picha ya funguo? Rafiki yangu nimemwambia aandike anwani leo leo, na nyumba airekodi video kuanzia mlangoni, oveni ikiwa wazi.