Naomba ushauri: nafupishaje ripoti ya IMF kwa mwanafunzi bila kupoteza dhana zilizobeba takwimu?

MwalimuWaJioni

Wakuu, habari zenu. Nafundisha tuisheni ya uchumi jioni hapa Morogoro. Kati ya wanafunzi wangu yuko binti wa mwaka wa kwanza chuoni ambaye Kiingereza cha ripoti kinamlemea, nikamfupishia kwa Kiswahili sura ya kwanza ya ripoti ya IMF ya mwelekeo wa uchumi wa dunia, ile ya Aprili 2025. Aya yangu ya kwanza naileta kama ilivyo:

"Uchumi wa dunia utakua kwa asilimia 2.8 mwaka 2025 na asilimia 3.0 mwaka 2026. Afrika kusini mwa Sahara itakua kwa asilimia 3.8 mwaka 2025. Uchumi umeshuka kutokana na ushuru wa forodha wa Marekani na kutakuwa na hatari ya mdororo."

Baadaye akaniletea taarifa ya Julai ya IMF haohao, inayosema 2025 ni asilimia 3.0. Akauliza, "Mwalimu, Aprili walikosea au Julai wamebadili maneno?" Nilimpa jibu ambalo mwenyewe halikuniridhisha. Nataka kuandika upya, ukurasa ubaki mmoja. Niongeze nini na nitoe nini?

Kikokotoo

Mkuu, usijichoshe. Benki ya Dunia nao Juni 2025 walisema asilimia 2.3. Taasisi mbili jirani kabisa pale Washington, zinapishana kwa nusu pointi nzima. Mwambie binti achukue wastani wa zote, aendelee na masomo mengine.

Bi_Takwimu

Kikokotoo, wastani huo usimpe mtoto wa watu. Unajumlisha vitu viwili tofauti. IMF wanapojumlisha nchi, kila nchi wanaipa uzito kwa uwezo halisi wa fedha yake kununua vitu nyumbani kwake, kwa hiyo China na India zinavuta sana. Ile 2.3 ya Benki ya Dunia imepimwa kwa viwango vya soko vya kubadilisha fedha, ambapo nchi tajiri ndizo zenye uzito mkubwa. Teremka chini kwenye Jedwali 1.1 la ripoti hiyohiyo ya Aprili, utakuta mstari wa ukuaji wa dunia kwa viwango vya soko. Nao unasema 2.3.

Sasa Mwalimu, nirudi kwako. Kosa la aya yako ni kwamba 2.8 umeiacha peke yake. Kumbuka Aprili ile ilivyokuwa. Tarehe 2 Marekani wakatangaza ushuru kwa karibu dunia nzima. Tarehe 9 wakausimamisha kwa siku 90 kwa nchi nyingi, huku wa China ukipandishwa. Ripoti ikatoka tarehe 22. Waandishi walilazimika kuchagua siku ya kufunga daftari, wakachagua tarehe 4. Ndiyo maana hawakuuita utabiri wa msingi kama kawaida yao, waliuita utabiri wa rejea. Maana yake ni kwamba ushuru ukibaki kama ulivyokuwa tarehe 4 Aprili, dunia itakua kwa 2.8. Ripoti inaeleza pia kwamba bila matangazo ya tarehe 2, wangeandika 3.2.

Julai ushuru wenyewe ulikuwa umepungua kuliko walivyodhani Aprili, na wafanyabiashara walikuwa wamewahi kuagiza mizigo kabla haujapanda. Dhana ilibadilika, takwimu ikaifuata. Ukimwandikia binti sentensi moja ya tarehe 4, swali lake linajijibu.

DukaLaKona

Mimi naagiza vitenge na vyombo kutoka Guangzhou, nalipa kwa dola. Naomba mniambie kitu kimoja tu, hiyo ripoti inasema shilingi itapanda au itashuka? Maana mwaka jana niliumia sana.

Bi_Takwimu

Ndugu yangu, pole kwa hasara. Hilo halimo, na swali lako linamfaa Mwalimu pia. Fungua kiambatisho cha takwimu, sehemu yake ya mwanzo inahusu dhana. Wanasema wazi kwamba thamani halisi ya fedha za nchi, ikipimwa dhidi ya washirika wake wa biashara, wameishikilia palepale ilipokuwa wakati wa kuandika. Hawakuitabiri. Bei ya mafuta nayo wameiweka kwa wastani wa dola 66.94 kwa pipa mwaka 2025, nayo inatoka kwenye bei za mikataba ya mbele sokoni. Mwanafunzi akiandika "IMF wanatabiri mafuta yatakuwa dola 66.94", atakuwa amegeuza dhana kuwa utabiri. Aandike "wamechukulia".

MwalimuWaJioni

Asante sana dada. Kiambatisho nilikiruka chote, nilidhani ni majedwali matupu. Vipi upande wa hatari?

Bi_Takwimu

Hapo umeandika "kutakuwa na hatari ya mdororo", mwanafunzi akasoma "kutakuwa na mdororo". Ripoti haitabiri mdororo wa dunia. Inasema uwezekano wake mwaka 2025 umefika karibu asilimia 30, ilhali Oktoba 2024 ulikuwa 17. Ziandike zote mbili, maana 30 ikisimama yenyewe haionyeshi kwamba hali imebadilika. Na kila hatari uiandike na "iwapo" yake: iwapo vita vya biashara vitazidi, iwapo masharti ya mikopo yatabana ghafla. Ukiiondoa "iwapo", hatari inageuka kuwa habari ya kitu kilichokwisha tokea.

Mkalimani_Tanga

Niongeze la lugha. "Uchumi umeshuka" liondoe kabisa. Uchumi unaokua kwa 2.8 unapanda, kilichopungua ni kasi. Januari walisema 3.3, Aprili 2.8, basi andika "makadirio ya kasi ya ukuaji yamepunguzwa kwa pointi 0.5 za asilimia". Nimesahihisha insha nyingi zenye "umeshuka kwa asilimia 0.5", na msomaji anabaki anadhani pato lenyewe limeliwa.

Kikokotoo

La uzito nimelikubali, sikulijua. Ila mbona mnajaza ukurasa? Binti ataulizwa 2.8 kwenye mtihani, hataulizwa tarehe 4.

MwalimuWaJioni

Kaka, tarehe 4 ndiyo aliyoniuliza yeye mwenyewe, ila hakujua jina lake. Nimeandika hivi, nikosoeni:

"IMF wanakadiria uchumi wa dunia utakua kwa asilimia 2.8 mwaka 2025 na 3.0 mwaka 2026, iwapo ushuru wa forodha utabaki kama ulivyokuwa tarehe 4 Aprili 2025. Januari walikadiria 3.3 kwa kila mwaka. Kwa Afrika kusini mwa Sahara makadirio ni 3.8, kisha 4.2. Wamechukulia mafuta yatauzwa kwa wastani wa dola 66.94 kwa pipa mwaka 2025, na kwamba thamani halisi ya fedha za nchi haitabadilika. Hawatarajii mdororo wa dunia, lakini uwezekano wake umepanda kutoka asilimia 17 hadi karibu 30, na utaongezeka iwapo vita vya biashara vitazidi."

Mkalimani_Tanga

Imenyooka. Mimi ningeweka "wanakisia" mahali pa "wanakadiria", kwa kuwa makadirio hutumika pia kwa miaka iliyopita ambayo takwimu zake hazijakamilika.

Bi_Takwimu

Hapo tutofautiane, Mkalimani. "Wanakisia" inasikika kama wanabahatisha, na kazi yao si ya kubahatisha. Mwalimu, hiyo 3.8 nayo iangalie tena. Ni ya kanda nzima, na Nigeria na Afrika Kusini zina uzito mkubwa humo. Binti akiuliza ya Tanzania, mpeleke kwenye mstari wa Tanzania.