Lesson ya Moodle: anayekosea anapata 100%, anayepatia 100%. Huu ni upuuzi gani?

Jongoo (mwanzisha uzi)

Wakuu, mniwie radhi, nimechefuka. Hili ni jaribio la matawi, jibu la mwanafunzi ndilo linaloamua swali linalofuata. Nimelijenga kwenye `Lesson` ya Moodle kwa sababu `Quiz` haina njia ya kufanya hivyo.

Swali la 1: 1/2 + 1/3. Chaguo ni nne na kila kosa lina maana yake. 5/6 ni sahihi, linaruka hadi Swali la 2. 2/5 ni la aliyejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anapelekwa Somo A. 2/6 amepata asili ya pamoja ila kasahau kubadili viasi, anakwenda Somo B. 1/6 kazidisha, Somo C. Kila somo lina swali lake la marudio, kwa mfano 1/4 + 1/5, kisha wote wanakutana Swali la 2.

Kuruka kunafanya kazi vizuri. Lakini aliyechagua 2/5, akapatia marudio na Swali la 2, kapewa 100%! Sawa na yule ambaye hakukosea hata mara moja. Waliobuni hiki kitu walikuwa wanafikiria nini?

ChakiNyeupe

Mbona rahisi mkuu. Nenda kwenye `Quiz`, weka `Adaptive mode`, ukikosea inakukata 0.3333333. Mimi natumia hiyo kidato cha pili, sina shida yoyote.

Jongoo

Hiyo inamrudisha mtoto kwenye swali lile lile ajaribu tena. Haimpeleki swali jingine. Soma kichwa cha uzi kwanza, ndugu yangu.

Kibuyu

Tatizo ni kigawanyo. Moodle inahesabu maswali aliyoyaona tu. Weka `Minimum number of questions` iwe 3, kwisha kazi.

BibiKompyuta

Kibuyu, umegusa kitu cha kweli ila hapa kitaumiza asiye na kosa. Aliyepatia moja kwa moja kaona maswali mawili tu. Ukiweka 3 anapata 2/3, yaani 67%. Na yule wa 2/5 kaona matatu, anabaki na 100% yake.

Jongoo, fungua mipangilio ya somo, angalia `Custom scoring`. Naweka dau iko `No`. Ikiwa hivyo, Moodle haijui jibu lipi ni sahihi, inaangalia mwelekeo wa kuruka tu. Jibu likimpeleka mwanafunzi ukurasa ulio mbele kwa mpangilio, limehesabiwa sahihi. Likimbakisha pale pale au kumrudisha nyuma, ni kosa. Somo A lako liko baada ya Swali la 1, kwa hiyo 2/5 imepewa alama.

Iwashe iwe `Yes`, kisha ingia kila jibu ujaze `Score` mwenyewe. Tuseme 5/6 ipate 2, makosa yote 0, marudio 1, Swali la 2 lipate 2. Asiyekosea anapata 4 kati ya 4. Wa 2/5 anapata 0+1+2, ni 3 kati ya 5, yaani 60%.

Ukiwa humo humo, kagua jibu sahihi la marudio A. Likiwa `Next page`, linamwangusha mtoto kwenye Somo B ambalo halimhusu. Chagua ukurasa wa Swali la 2 kwa jina.

Jongoo

Ilikuwa `No` kweli. Shikamoo bibi. Lakini bado nalalamika: mpangilio wa kurasa unaamuaje usahihi wa hesabu?

Kibuyu

Nimekubali. Ila 60% naona ni uonevu. Mtoto kafundishwa, kaelewa, kamaliza vizuri. Kwa nini marudio yasiwe na 0 ili yasiingie kwenye hesabu kabisa?

BibiKompyuta

Ukiweka 0 kwenye jibu sahihi, anaambiwa amekosea, maana sahihi ni lililo juu ya 0. Tena atabaki na 2 kati ya 4, 50%, chini zaidi. Unaweza kuyapa marudio 2, apate 4 kati ya 6. Kipi ni haki, mimi siamui.

ChakiNyeupe

Kwa hiyo `Adaptive mode` haifai?

Jongoo

😤 Swali la mwisho kwa wenye akili: darasa zima limeshafanya na alama za uongo zimo. Nawaruhusu warudie?

BibiKompyuta

Kwanza futa majaribio ya zamani kwenye `Reports`. Ukiwasha `Re-takes allowed` bila kufuta, na `Handling of re-takes` iko `Use mean`, ile 100% ya bure itaingia kwenye wastani.