Ushuhuda wa mteja: video ya dakika 3 au maandishi ya kurasa 2? Naomba ushauri kabla ya Ijumaa

Kasri
Wakuu habari zenu. Tuna mteja ametumia huduma yetu mwaka mzima na anatusifia kila tukiongea naye. Amekubali tutumie habari zake kuwashawishi wateja wapya. Pesa iliyopo inatosha jambo moja tu: tupige video ya dakika 3, au tumlipe mwandishi atuandalie simulizi nzuri ya kurasa 2. Ijumaa natakiwa kumpa bosi jibu. Nyie mngechagua kipi?

Nahodha77
Video, wala usijiulize. Watu hawasomi siku hizi. Mnunuzi akimwona mwenzake anaongea kwa sauti yake mwenyewe, moyo unalainika. Maandishi kila kampuni inayo.

MkongweWaSoko
Kasri, hujatuambia unauza nini, unamuuzia nani, na mazungumzo yenu ya mauzo yanakwama hatua ipi. Bila hayo utapata kura tu, si ushauri. Halafu, aliyekubali ni nani pale kwa mteja? Kwa mdomo au kwa maandishi?

Chapwa
Mimi nauza nguo mtandaoni. Mteja akiacha maoni ya nyota 5 nampa punguzo kwenye oda inayofuata. Sihitaji video wala mwandishi, na maoni yanamiminika.

Kasri
Samahani wakuu. Tunauza mfumo wa kuhesabia mali ya stoo kwa wauzaji wa jumla. Meneja wa stoo akiuona anaupenda siku hiyohiyo. Tunakwama akishaingia mkuu wa fedha: anasema "tutawasiliana" na kimya kinaanza. Aliyekubali ni meneja wa stoo wa yule mteja wetu, kwa simu. Anasema muda wa kuhesabu umepungua sana na upotevu umeshuka nusu.

MkongweWaSoko
Sasa tunaongea. Anayekukwamisha ni mkuu wa fedha, na uamuzi wake anaufanya kwenye kikao ambacho wewe haumo. Meneja wa stoo ndiye atakayekutetea humo ndani, kwa hiyo mpe karatasi ya kuweka mezani. Hakuna mtu atasimamisha kikao cha bajeti ili wote watazame video. Nahodha hajakosea, sura ya mtu hujenga imani, lakini hiyo inafaa mwanzoni, mtu akiwa bado hajakujua.

Muhimu zaidi ni mahojiano. Mwombe mteja wako dakika 45, na usimuulize "mnatupendea nini," maana utapata sifa ambazo hazimshawishi mtu. Muulize kilitokea nini wiki ile walipoamua kutafuta mfumo. Nani pale ofisini alipinga, na alisema nini? Walikaribia kuacha kwa sababu gani? Mwezi wa kwanza nini kiliwasumbua? Pingamizi la mkuu wao wa fedha ndilo hilohilo la huyu anayekukalia kimya, na jibu lililomridhisha yule ndilo kiini cha simulizi yako. Na ile shida ya mwezi wa kwanza usiifute. Msomaji akikuta kila kitu kilikwenda sawa tangu siku ya kwanza, anajua anasoma tangazo.

BintiHesabu
Mimi niko upande wa pili wa meza, hizi karatasi huletwa kwangu. "Upotevu umeshuka nusu" nikiliona nauliza nusu ya nini, kwa kipindi gani, na nani kapima. Kasri, una namba za kabla ya mfumo wenu kuingia?

Kasri
Nimempigia sasa hivi. Kabla: watu 6 kwa siku 2 kila mwisho wa mwezi. Sasa: watu 3 kwa siku 1. Upotevu: kati ya bidhaa 100 walizohesabu, 4 zilikuwa hazilingani na daftari, sasa ni 2. Karatasi za zamani anazo.

BintiHesabu
Safi. Kwa hiyo kuhesabu kulikula siku-kazi 12 kwa mwezi, sasa 3. Andika hivyohivyo, "kutoka 12 hadi 3", usikimbilie "asilimia 75". Namba mbili naweza kuzilinganisha na stoo yangu, asilimia siwezi. Ila angalia: kutolingana na daftari si lazima iwe upotevu. Inaweza kuwa mtu alikosea kuandika tu. Na kuna kitu kingine kilibadilika kipindi hicho? Wafanyakazi, kufuli, utaratibu wa kupokea mzigo?

Kasri
Walibadilisha msimamizi wa zamu ya usiku miezi hiyohiyo.

BintiHesabu
Basi hiyo ya 4 hadi 2 msijitwalie yote. Itajeni, na semeni wazi kwamba msimamizi naye alibadilishwa. Hesabu ya muda ndiyo yenu, hiyo isimameni nayo. Mimi nikiona muuzaji amejipunguzia sifa mwenyewe mahali pamoja, pale pengine namwamini zaidi.

JichoLaTatu
Msikilizeni huyu dada. Kampuni niliyokuwa zamani walikuwa na ushuhuda mzuri mno, picha, nembo, kichwa cha habari "mauzo yalipanda asilimia 40". Tuliutumia kila mahali. Siku moja mnunuzi mkubwa akaomba aongee na mteja mwenyewe. Tukawaunganisha kwenye simu, mimi nikiwa nasikiliza. Akamuuliza, "Hii 40 mliipimaje?" Yule mteja akanyamaza, kisha akasema, "Hiyo namba mimi naiona leo." Kumbe mtu wa masoko alichukua mwezi wao bora na kuulinganisha na mwezi mbovu wa mwaka uliotangulia, na rasimu ya mwisho hakuwahi kumrudishia mteja aisome. Mnunuzi akatushukuru kwa upole na hatukumsikia tena. Mteja wetu naye alikasirika, akataka jina lake liondolewe, na mkataba ulipoisha hakuurudia.

Kwa hiyo mteja aisome rasimu, na asaini mtu mwenye mamlaka. Meneja wa stoo kwa simu haitoshi. Yeye akihama, bosi mpya atauliza nani aliruhusu.

Chapwa
Si umpe tu punguzo asaini haraka?

JichoLaTatu
Chapwa, nguo na mkataba wa mwaka ni vitu viwili. Mnunuzi akigundua mteja alipewa kitu bila kuambiwa, kila neno la ushuhuda linakuwa la kununuliwa.

Chapwa
Mbona ametumia muda wake kwa faida yenu? Kumlipa si dhambi.

MkongweWaSoko
Mkimpa chochote, kiandikwe palepale kwenye ushuhuda. Mimi ningemwachia tu zile hesabu ziwe zake, aende nazo kwa bosi wake aonyeshe kazi aliyofanya. Wengi wanafurahia hilo.

Kasri
Swali jingine. Mkubwa wao akikataa jina? Tuandike "msambazaji mmoja mkubwa"?

Nahodha77
Bila jina hakuna ushahidi, mtu yeyote anaweza kubuni.

BintiHesabu
Sikubaliani. Ukiniambia aina ya biashara, idadi ya stoo, hesabu ilifanywaje na nani alipinga, nitaamini kuliko nembo kubwa yenye maneno matatu ya sifa.

MkongweWaSoko
Mimi niko katikati. Bila jina, angalau mteja akubali kupokea simu ya mnunuzi aliyefika hatua ya mwisho. Msimchoshe lakini.

Kasri, anza ukurasa hivi: "Mkuu wa fedha alikataa mara ya kwanza. Hoja yake: watu 6 waliokuwa wakihesabu wanalipwa mshahara uleule, mfumo utaokoa nini?" Kisha jibu. Na usiutume siku ya kwanza, utume asubuhi baada ya kuwaonyesha mfumo, kabla meneja hajaingia kwa mkuu wake.

Kasri
Hiyo hoja umeotea, ndivyo alivyosema kweli! Jibu lao lilikuwa kwamba siku hizo 2 stoo ilifungwa na mizigo haikutoka. Sijui siku hizo ziliwagharimu kiasi gani, nitamuuliza. Shida ni bosi, bado roho yake iko kwenye video.

Nahodha77
Rekodi mahojiano hata kwa simu ya mkononi, mteja akiruhusu. Utanishukuru.

BintiHesabu
Ukiipata gharama ya siku za kufunga, iweke hapa. Uliza ni mauzo yaliyopotea au yaliyochelewa tu, maana hayo hayafanani kabisa.