Uzi wa malalamiko: Wakala aliandika DDP bila kutuuliza, na kodi ya Ujerumani imemaliza faida ya karakana yetu

Katibu wa Karakana, Lamu

Assalamu alaikum wanajukwaa. Ninaandika nikiwa na hasira, na naomba mnisome mpaka mwisho kwa sababu jambo hili litawakuta mafundi wengine wa hapa kisiwani.

Karakana yetu iliuza viti vya enzi na makasha ya nakshi kwa mwenye duka wa Hamburg kwa bei ya yuro 9,000, mzigo ufike kwenye bohari lake. Mbao na ujira wa mafundi viligharimu yuro 6,000. Mashua hadi Mokowe, lori hadi Mombasa, meli, bima na lori la kule Ujerumani vilichukua 1,400. Tulitarajia kubaki na 1,600.

Wakala wetu wa forodha wa Mombasa ndiye aliyetuandalia ankara, na juu yake akapiga chapa "DDP Hamburg, Incoterms 2020", wakati sisi tulikuwa tumemwambia tu kwamba mzigo utafikishwa kwa mnunuzi. Nilipompigia simu kumuuliza herufi hizo zina maana gani, alinijibu kwamba DDP na DAP ni mamoja, na kwamba bidhaa za Kenya hazitozwi ushuru Ulaya. Hilo la pili ni kweli kwa upande wa ushuru wa forodha, kwa kuwa mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 2024, na cheti chetu cha asili ya bidhaa kilikubaliwa. Lakini kodi ya ongezeko la thamani inayotozwa wakati wa kuingiza mzigo ni jambo jingine kabisa, na Ujerumani ni asilimia 19. Kwa kuwa sharti lilikuwa DDP, ikahesabiwa kuwa ni deni la muuzaji. Mnunuzi amekata yuro 1,710 za kodi pamoja na 290 za wakala wake wa Hamburg kutoka malipo yetu ya mwisho, na sisi tumepata hasara ya yuro 400 kwa kazi iliyotushughulisha msimu mzima.

DDP na DAP ni masharti mawili yanayofanana kwa karibu kila kitu. Katika yote mawili muuzaji analipa nauli, na hatari ya mzigo ni yake mpaka gari lifike bohari likiwa tayari kupakuliwa. Tofauti ni kibali cha kuingiza mzigo pamoja na ushuru na kodi zake: katika DAP ni juu ya mnunuzi, katika DDP ni juu ya muuzaji. Mtu anayelipwa ili ajue tofauti hiyo hakutuuliza hata mara moja, na sasa hapokei simu.

Mfanyabiashara wa Shela

Pole sana, ndugu yangu. Mngetumia CIF msingepata taabu hii. Kwa CIF gharama zinafika Hamburg, kodi ni ya mnunuzi, na bima inawalinda nyinyi njia nzima kwa sababu hatari ni yenu mpaka meli itie nanga.

Mstaafu wa Kilindini

Mwenzangu wa Shela umepatia kuhusu kodi, lakini kuhusu hatari sivyo. Katika CIF muuzaji hulipa nauli na bima mpaka bandari ya Hamburg, ilhali hatari humwondokea pale mzigo unapokuwa ndani ya meli hapa Mombasa. Mzigo ukiloa baharini, hasara ni ya mnunuzi, naye ndiye atakayeidai bima. Na bima ambayo CIF inamlazimisha muuzaji kukata ni ile ya chini kabisa, ya masharti ya C, ambayo hulipa meli ikizama, ikiungua au ikigongana, lakini hailipi wizi wala maji ya bahari yaliyopenya ndani ya kontena. Kwa viti vya nakshi bima hiyo haitoshi. Isitoshe, mzigo mdogo kama huu hukabidhiwa kwenye ghala ili uchanganywe na wa wengine katika kontena moja. Ukiharibika hapo ghalani kabla ya kupakiwa melini, kwa CIF hasara bado ni yako, hata kama huna tena ufunguo wa ghala hilo.

Sasa nikujibu wewe, Katibu. Hesabu ya kodi yenyewe ina walakini. Bei ya DDP imebeba kodi ndani yake, na kama ankara ingeonyesha kodi peke yake, isingetozwa juu ya yuro 9,000 zote. Ukigawanya 9,000 kwa 1.19 unapata takriban 7,563, na kodi yake ni kama 1,437. Wakala wako, kwa kuandika tarakimu moja tu, amewaongezea kama yuro 273 juu ya hasara ya kwanza.

Mama Barafu, Malindi

Na mimi nina swali lilo hilo. Niliagiza mashine ya barafu kutoka Guangzhou, muuzaji akaniambia bei ni DDP mpaka Malindi, kisha pale Mombasa nikadaiwa ushuru na VAT ya asilimia 16. Nilipe?

Katibu wa Karakana, Lamu

Mama yangu, wewe ni mnunuzi, kwa hiyo kwako DDP ni ngao. Kama neno hilo limo katika ankara, aliyekuuzia ndiye mdaiwa.

Mstaafu wa Kilindini

Ni mdaiwa wako wewe, mama, si wa forodha. Forodha humdai yule ambaye jina lake limo katika tamko la kuingiza mzigo, na nina hakika jina hilo ni lako. Usipolipa, gharama za kuhifadhi mashine zitaendelea kupanda. Lipa, utunze stakabadhi, kisha umdai muuzaji. Kama hujammalizia fedha zake, zuia kiasi hicho.

Na hilo la jina linakuhusu wewe pia, Katibu. Tamko la Hamburg limeandikwa jina la nani? Mfanyabiashara aliyesajiliwa kule kwa kodi hiyo hujirudishia kodi aliyolipia bidhaa za duka lake, ilhali karakana ya Lamu isiyosajiliwa haiwezi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuikataa DDP kwenda Ulaya: kodi ambayo kwa mnunuzi ingekuwa fedha za kupita tu, kwa muuzaji inakuwa hasara tupu.

Katibu wa Karakana, Lamu

Nimelipata tamko leo mchana baada ya kumwandikia wakala wa Hamburg mwenyewe. Mwingizaji aliyetajwa ni mnunuzi wetu! Yaani ametukata 1,710, na huenda atarudishiwa 1,710 hizo hizo na serikali yake.

Mfanyabiashara wa Shela

Basi arudishe zote. Huo ni wizi.

Mstaafu wa Kilindini

Tusikimbilie kumwita mtu mwizi. Atasema mkataba uliweka kodi juu yenu. Kisha hata haki yake ya kurudishiwa inaweza kupingwa kule, kwa sababu katika DDP mzigo ulikuwa bado mikononi mwa muuzaji wakati ukipita forodha. Mwandikie kwa upole umuulize kama amedai marejesho, na umwombe akurudishie kiasi atakachopata. Ile 290 sidhani utaiona tena kutoka kwake.

Katibu wa Karakana, Lamu

Barua kwa mnunuzi nitaituma usiku huu. Ya wakala wa Mombasa itapelekwa ofisini kwake kwa mkono, ikidai 273 na 290, pamoja na maelezo ya maandishi kuhusu ni nani aliyemruhusu kuandika DDP. Oda ya pili ya mnunuzi huyo iko mezani. Nimeandika "DAP Hamburg" kwa mkono wangu, nikataja na anwani ya bohari, na mafundi wameambiwa wasikate ubao wowote mpaka airudishe ikiwa na sahihi yake.