Naombeni ushauri: malengo ya semina ya siku moja ya huduma ya kwanza, Mikindani

Msimbati88: Wakuu, habari za jioni. Nina semina ya huduma ya kwanza Mikindani, bodaboda na wavuvi jumla 24, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Madoli ya mazoezi ninayo mawili. Mfadhili amenirudishia malengo, anasema hayapimiki. La kwanza nimeandika: "Washiriki waelewe kumhudumia mtu aliyezimia na asiyepumua." Nirekebisheje?

Korosho_Ghafi: Toa "waelewe", weka "waeleze". Kazi imekwisha.

BiMkunazi: Hapo umetibu nusu, mkuu. "Waeleze" linapimika, ila linapima mdomo. Mtu atakutiririshia hatua zote, ukimpa doli anakandamiza tumbo. Msimbati88, andika unachotaka kukiona:

"Akiwa na doli sakafuni, bila kukumbushwa, mshiriki aangalie pumzi kwa muda usiozidi sekunde 10, amtume mtu kupiga simu, kisha akandamize katikati ya kifua mara 30 na kupuliza pumzi 2, akirudia kwa dakika 2."

Kiwango nacho kiwe unachoweza kukikagua. Kina kinachotakiwa ni sentimita 5 hadi 6, lakini kama doli lako halitoi mlio likifika kina hicho, utakuwa unakisia tu. Kasi inakaguliwa kwa saa ya simu. Mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika maana yake 30 zichukue sekunde 15 hadi 18. Anayemaliza kwa 11 anakimbia, na mara nyingi haachii kifua kirudi juu.

Msimbati88: Asante dada. Muda utatosha kuwapima wote?

BiMkunazi: Piga hesabu. Dakika 2 za kupimwa, 1 ya kufuta doli na kubadilishana, ni 3. Kila doli watu 12, dakika 36, na uwe na mpimaji wa pili. Ndiyo maana siku moja haibebi malengo kumi. Mimi ningeishia manne.

Nahodha_Kivinje: Samahani, sisi huku tatizo ni waliozama. Watu wanawaminya tumbo maji yatoke. Lengo hilo linatufaa?

BiMkunazi: Si kama lilivyo, kaka. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo pumzi zinatangulia kabla ya kukandamiza. Miongozo mingine huanza na 5, mingine 2, shika ule unaoufundisha. Kuminya tumbo kunaweza kumtapisha na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Kiandike kwenye karatasi ya upimaji: akiminya tumbo, arudie.

Korosho_Ghafi: Mzee wa miaka 60 mwenye magoti mabovu hataweza dakika 2. Utamfelisha?

BiMkunazi: Hapo mimi humwacha akandamize doli likiwa mezani na kuandika pembeni. Wenzangu wengine hawakubali, wanasema barabarani hakuna meza.

Msimbati88: Nimeandika la pili: "Azuie damu haraka kwa kitambaa safi."

BiMkunazi: "Haraka" ni sekunde ngapi?